Draivu Z: haipo usiku

Mhasibu anaandaa skripti ya kunakili folda ya hesabu kwenda kwenye seva ya ofisi. Akiiendesha mwenyewe mchana, inakwenda vizuri. Anaipanga ifanye kazi saa nane usiku kwa Task Scheduler ya Windows, anachagua "Run whether user is logged on or not", anafunga ofisi. Asubuhi seva haina faili jipya hata moja.

Aghalabu kisa ni herufi Z:. Draivu ya mtandao yenye herufi ni mali ya kikao cha mtu aliyeingia kwenye kompyuta. Kazi ya usiku huendeshwa katika kikao kingine kisicho na skrini, na huko Z: haijulikani kabisa, hata ikiwa jina la mtumiaji ni lilelile. Kwenye faili la kumbukumbu utaona "ERROR 3", yaani njia haikupatikana. Dawa ni kuandika anwani kamili ya seva:

```
robocopy "C:\Hesabu" "\\SEVA\Nakala\Hesabu" /MIR /R:2 /W:10 /LOG:"C:\Kumbu\hesabu.txt"
if %ERRORLEVEL% GEQ 8 exit /b %ERRORLEVEL%
exit /b 0
```

Folda ya C:\Kumbu iwepo kabla. Na /R:2 na /W:10 usiziache: bila hizo robocopy hurudia kila faili lililogoma mara 1,000,000, kwa kusubiri sekunde 30 kila mara, na kazi haiishi kamwe.

Mistari miwili ya chini ina sababu yake. Robocopy ikinakili faili salama hurudisha namba 1, na Task Scheduler huionyesha kama 0x1 kwenye "Last Run Result". Mtu huona hitilafu isiyokuwepo. Kushindwa kwa kweli huanzia 8.

Kuna kisanduku kingine, "Do not store password". Kinavutia, maana nani apende nenosiri lake lihifadhiwe? Lakini ukikiweka alama, kazi hupata ruhusa ya vitu vya kompyuta hiyo tu, seva itaikataa. Kwa hiyo kiache wazi, uandike nenosiri. Ni busara kufungua akaunti maalumu kwa kazi hii, yenye haki ya kusoma folda moja na kuandika nyingine, na ipewe pia haki iitwayo "Log on as a batch job". Ukitumia akaunti yako mwenyewe, siku utakayobadilisha nenosiri kazi itakwama, na matokeo yatasomeka 0x8007052E.

Kinachonitia hofu zaidi ni /MIR. Hufanya nakala ifanane na chanzo, ikiwemo kufuta. Mtu akiondoa faili za C:\Hesabu kwa bahati mbaya jioni, saa nane usiku zinafutwa kwenye seva pia, na hakuna aliye macho kuizuia. Ukitaka kunakili bila kufuta, weka /E mahali pa /MIR.