Mikondo Saba, Uwanja Mmoja

Mashindano ya madarasa katika shule nyingi huchezwa kwa mtoano. Mtoano ni mwepesi kupanga: unachora mishale ubaoni, anayefungwa anatoka, na baada ya siku chache kombe limepata mwenyewe. Lakini hebu tuhesabu. Chukua shule ya sekondari yenye mikondo saba ya vidato vya chini: Kidato cha Kwanza A, B, C na D, na Kidato cha Pili A, B na C. Kwa mtoano, timu hizo saba zinacheza mechi sita tu. Siku ya kwanza mkondo mmoja unapita bila kugusa mpira, na jua halijazama mikondo mitatu imeshageuka watazamaji. Mwalimu wa michezo anayetafuta vijana wa kupeleka UMISSETA atakuwa amewaona wengi wao kwa nusu saa.

Njia nyingine ni ligi ya mzunguko mmoja, ambamo kila timu inakutana na kila timu mara moja. Idadi ya mechi unaipata kwa kuzidisha timu kwa timu pungufu moja, kisha kugawa kwa mbili: 7 mara 6 ni 42, nusu yake 21. Hapo ndipo walimu wengi hukata tamaa, maana mechi 21 zinasikika kama muhula mzima. Sivyo. Timu saba zinatoa mechi tatu kwa raundi, mkondo mmoja ukipumzika. Mechi ya vipindi viwili vya dakika 15, mapumziko ya dakika 5, na dakika 5 za kubadilishana uwanja ni dakika 40. Mechi tatu ni saa mbili kamili, kuanzia saa 10 alasiri hadi saa 12 jioni. Raundi moja kwa siku moja, uwanja mmoja, siku saba. Mkicheza Jumanne na Alhamisi, wiki ya nne mmemaliza.

Kupanga nani akutane na nani ndiko kunakowachanganya watu. Anayejaribu kupanga kwa kichwa kwa kawaida hufika raundi ya tano akagundua kwamba timu zilizobaki zimeshacheza zenyewe kwa zenyewe. Dawa ni vipande vinane vya karatasi. Saba viandike namba 1 hadi 7, cha nane kiandike “Pumzika”. Namba zigawiwe mikondo kwa kura, mbele ya manahodha wote. Kisha panga mezani mistari miwili. Juu, kutoka kushoto: Pumzika, 1, 2, 3. Chini yake: 7, 6, 5, 4. Kila kipande cha juu kinacheza na kilicho chini yake, na aliyeangukia chini ya Pumzika hachezi siku hiyo.

Raundi ya pili, usikiguse kipande cha Pumzika. Vingine vyote visogeze nafasi moja kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa: 7 inapanda juu kando ya Pumzika, 1 na 2 zinakwenda kulia, 3 inashuka, na zilizobaki chini zinasogea kushoto. Endelea hivyo hadi raundi ya saba. Ukisogeza mara ya saba utaona vipande vimerudi vilipoanzia. Visiporudi, kuna mahali uliteleza. Ratiba inatoka hivi, mechi zikiandikwa kwa mpangilio wa saa 10:00, 10:40 na 11:20:

Raundi ya 1: 1–6, 2–5, 3–4 (7 inapumzika)
Raundi ya 2: 7–5, 1–4, 2–3 (6 inapumzika)
Raundi ya 3: 6–4, 7–3, 1–2 (5 inapumzika)
Raundi ya 4: 5–3, 6–2, 7–1 (4 inapumzika)
Raundi ya 5: 4–2, 5–1, 6–7 (3 inapumzika)
Raundi ya 6: 3–1, 4–7, 5–6 (2 inapumzika)
Raundi ya 7: 2–7, 3–6, 4–5 (1 inapumzika)

Fuatilia namba yoyote, tuseme 5. Inacheza mara mbili saa 10:00 jua likiwa bado kali, mara mbili saa 10:40, na mara mbili saa 11:20 mwanga unapoanza kufifia. Zote saba ziko hivyo hivyo, kwa sababu kila namba inapita katika kila nafasi ya meza mara moja. Kwa hiyo usikubali ombi la “tubadilishane saa, leo tuna zamu ya usafi”. Ukibadilisha mechi moja, usawa wote unavurugika na hakuna atakayekumbuka nani anamdai nani. Tahadhari moja: mikondo ikiwa minane, kipande cha Pumzika kinakuwa timu ya nane, na kwa kuwa hakisogei, timu hiyo itacheza saa ile ile kila siku. Hapo lazima uzungushe saa kwa mkono.

Mkondo unaopumzika haurudi bwenini. Ndio unaotoa washika vibendera, mtunza saa na mwandishi wa matokeo. Hawana maslahi katika mechi za siku hiyo, au angalau wana maslahi kidogo kuliko wengine.

Usawa wa timu, hata hivyo, si usawa wa wanafunzi. Darasa lina watu zaidi ya 40, na nahodha akiachiwa, wale wale 11 watacheza mechi zote sita. Kanuni ninayoipenda mimi ni ya orodha mbili: wachezaji 11 wa kipindi cha kwanza, na wengine 11 wa kipindi cha pili. Kila mmoja wa hao 22 anapata dakika 15 mara sita, yaani dakika 90, sawa na mechi nzima ya ligi kuu. Washindani watalalamika kwamba mchezo unaharibika. Unaharibika kidogo, ndiyo.

Mvua ikinyesha, ahirisha raundi nzima na usogeze zote mbele. Ukiahirisha mechi moja moja, viporo vitajazana mwishoni na timu moja itajikuta inacheza siku tatu mfululizo. Tenga siku ya nane tangu mwanzo kwa ajili hiyo. Andika pia, kabla ya mechi ya kwanza, kwamba timu isiyotokea ndani ya dakika 5 inampa mpinzani ushindi wa mezani wa magoli 2–0, na kwamba timu zikilingana pointi, kinachoangaliwa kwanza ni matokeo walipokutana wenyewe, kisha tofauti ya magoli. Mpangilio huo unapunguza tamaa ya kumfunga mnyonge magoli tisa.

Raundi ya mwisho ina hatari yake. Katika Kombe la Dunia la 1982, Algeria ilimaliza mechi zake za kundi tarehe 24 Juni. Kesho yake mjini Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria ziliingia uwanjani zikijua kwamba ushindi wa 1–0 wa Wajerumani ungezivusha zote mbili. Goli likapatikana mapema, na muda uliobaki ukapita kwa pasi za kuzungushana. Algeria ikatolewa. Tangu mashindano ya 1986, mechi za mwisho za kila kundi huchezwa saa moja. Katika ratiba yetu, namba 1 ndiyo iko mahali pa Algeria: imeshamaliza, inaangalia wengine. Kwa siku hiyo moja inafaa kuazima uwanja wa shule ya msingi ya jirani, ili mechi mbili zenye uzito katika msimamo zipulizwe filimbi kwa pamoja, na ile isiyobadilisha kitu itangulie saa 10.