Ofisi Inapofunga kwa Sikukuu Isiyojulikana Tarehe

Kutangaza kwamba ofisi itafungwa Krismasi ni rahisi: tarehe 25 na 26 Desemba hazihami. Idd el Fitr ni jambo jingine. Siku yake hutegemea mwezi kuandama, na taarifa ya Mufti hutolewa usiku wa kuamkia sikukuu yenyewe. Kwa wakala wa forodha jijini Dar es Salaam, mwenye makontena ya wateja bandarini, usiku huo huwa umechelewa mno kuanza kuandika tangazo.

Makosa huanzia kwenye tangazo fupi lililozoeleka: “Tutafungwa Sikukuu ya Idd.” Mteja aliyeko Kariakoo huenda akaelewa, lakini mwenzake aliyeko Dubai anaweza kuhesabu siku nyingine kabisa. Mwaka 2025 Saudia na Falme za Kiarabu zilisali Idd Jumapili tarehe 30 Machi, ilhali Tanzania ilisali Jumatatu tarehe 31. Oman nayo, jirani wa Dubai, ilisali Jumatatu hiyo hiyo.

Tangazo zuri la Idd, kwa hiyo, hubeba kalenda mbili. Tuseme jioni ya kutazama mwezi imeangukia Jumapili tarehe 14. Ofisi inaweza kuandika hivi, wiki moja au siku kumi kabla:

“Mwezi ukiandama Jumapili tarehe 14 jioni, tutafunga Jumatatu tarehe 15 na Jumanne tarehe 16, na kufungua Jumatano tarehe 17 saa 2 asubuhi (8:00, saa za Dar es Salaam). Usipoandama, Jumatatu tutafanya kazi kama kawaida, tutafunga Jumanne na Jumatano, na kufungua Alhamisi tarehe 18. Jumapili usiku tutawatumia ujumbe wa kuthibitisha.”

Ule mwandiko wa 8:00 kando ya saa 2 si pambo. Anayesoma tangazo kutoka nje hana hakika kama “saa 2” ni ya hesabu yetu au ya kizungu, na Dubai iko saa moja mbele ya Dar es Salaam. Siku ya kufungua nayo lazima itajwe kwa jina na tarehe, kwa kuwa ndiyo mteja anayoitafuta kwanza.

Linalobaki ni dharura, na hapa ndipo matangazo mengi yanapokuwa matupu. “Kwa dharura piga simu” haisemi dharura ni nini, wala nani atapokea. Katika kazi ya forodha, dharura ya kweli mara nyingi ni kontena ambalo siku zake za bure zinaisha ndani ya sikukuu. Kampuni za meli kwa kawaida huhesabu siku za kalenda, sikukuu zikiwemo, hivyo tozo huanza kukimbia hata kama benki na ofisi zote zimefungwa. Dharura nyingine ni mzigo unaoharibika, kama samaki au dawa zinazohitaji baridi. Mteja anayetaka kujua bei ya kusafirisha gari mwezi ujao anaweza kusubiri, na tangazo limwambie hivyo kwa adabu.

Simu ya zamu iwe ya ofisi, si ya kijana mmoja ambaye sikukuu yenyewe yuko Tanga kwa wazazi. Anayeishika awe na orodha ya makontena yanayokaribia kuisha siku zake, pamoja na ruhusa ya kuamua. Asiye na ruhusa atamjibu mteja “nitamuuliza bosi”, na bosi hapatikani. Tangazo litaje pia saa za kupokea simu hiyo, mathalani saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, kwa sababu ahadi ya saa 24 isiyotimizwa humfanya mteja akeshe akipiga.

Hata hivyo, zamu haiwezi kila kitu. Namba ya malipo ya serikali hulipika kwa simu, lakini miamala ya simu ina ukomo, na ushuru wa kontena zima huweza kuupita. Kwa hiyo ofisi makini haingoji kupigiwa. Tangazo la kwanza likishatoka, karani hupitia mafaili na kuwapigia moja kwa moja wateja ambao siku zao zinaangukia Idd: “Mzee, kontena lako linaisha siku ya sikukuu. Ukilipa Alhamisi hii, tunalitoa kabla.” Kwa wateja hao wachache, simu hiyo ina faida kuliko bango lolote mlangoni.

Usiku wa mwandamo, ujumbe wa WhatsApp huwa mfupi: kalenda ipi imethibitika, ofisi inafunguliwa lini, namba ya zamu. Jibu la kujiendesha la barua pepe huwekwa dakika hiyo hiyo na kupewa tarehe ya kukoma, lisije likaendelea kuwaambia watu ofisi imefungwa wiki nzima baada ya milango kufunguliwa. Na asubuhi ya kwanza kazini, kabla ya mafaili mapya, mtu wa zamu hukabidhi daftari lake: nani alipiga, aliahidiwa nini, na kipi bado hakijatimizwa.