Mwambie Jirani Kwanza

Mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha kwanza anauliza swali jepesi: Jumamosi mlifanya nini? Darasa zima kimya. Macho yanashuka kwenye madaftari, na mwanafunzi mmoja anajifanya kutafuta kalamu aliyoishika mkononi. Baada ya kitambo kifupi mwalimu anamnyooshea kidole msichana wa dawati la tatu. Anasimama, anatoa maneno mawili, anakwama. Huko nyuma mtu anacheka. Kipindi chote kilichobaki msichana huyo hafungui tena mdomo.

Wengi humwita mwanafunzi kama huyu mvivu au asiyejisomea. Lakini Jumamosi yake anaijua vizuri: alifua nguo, kisha akaenda gulioni na mama yake. Kinachomwangusha ni kazi tatu alizobebeshwa kwa mkupuo mmoja. Inabidi akumbuke, atafute maneno ya Kiingereza na kuyapanga, halafu ayatamke huku wenzake sitini wakimtazama. Tena, kama alisoma shule ya msingi ya serikali Tanzania, amefundishwa kwa Kiswahili miaka saba. Kiingereza kilikuwa somo moja tu, na ghafla kimekuwa lugha ya kufundishia karibu masomo yote.

Hofu hii haiko Afrika Mashariki peke yake. Mwaka 1986 Elaine Horwitz wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, pamoja na wenzake wawili, walichapisha dodoso la hoja 33 la kuipima kwa wanaojifunza lugha za kigeni. Moja ya hoja hizo inahusu fadhaa ya kutakiwa kuzungumza darasani bila maandalizi. Hapo ndipo pa kushika: hofu hupungua mtu akipata nafasi ya kujiandaa.

Miaka mitano kabla ya dodoso hilo, Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland alikuwa ameeleza utaratibu ambao walimu wengi sasa wanaujua: fikiri peke yako, zungumza na mwenzako, kisha liambie darasa. Hauhitaji kifaa chochote, wala kuhamisha dawati.

Turudi kwenye swali la Jumamosi. Mwalimu analiandika ubaoni na chini yake anaweka vitenzi vitatu au vinne vya wakati uliopita. Dakika moja hakuna anayezungumza. Kila mmoja anaandika maneno machache tu, kwa sababu anayeandika sentensi nzima ataishia kuisoma. Kisha walioketi pamoja wanageukiana. Wa kulia anasimulia dakika moja na wa kushoto anasikiliza, halafu mwalimu anapiga makofi na wanabadilishana. Penye dawati la watu watatu, wa tatu naye apewe zamu yake. Baadaye kila mmoja anageukia wa dawati la nyuma au la mbele na kusimulia habari ileile upya. Mara hii ya pili ndiyo yenye faida kubwa, maana neno la kufua lililomkwamisha mwanzoni ameshalipata kwa jirani, na ulimi umeshazoea.

Ndipo zamu ya darasa zima inapofika. Hapa kuna mbinu moja nzuri sana: mwanafunzi asieleze Jumamosi yake, aeleze ya mwenzake. Hata akikosea, habari inayotazamwa si yake. Papo hapo analazimika kubadili nafsi, kutoka mimi kwenda yeye, jambo ambalo wanafunzi wa Kiingereza hulikosea kila siku.

Utaratibu huu huharibika kwa njia zinazojulikana. Mwenye Kiingereza kizuri huongea dakika zote mbili na mwenzake anaitikia kwa kichwa. Dawa yake ni yale makofi ya kubadilishana. Wengine hurudi kwenye Kiswahili. Wakiomba neno kwa Kiswahili si kosa, lakini darasa zima likihamia huko, swali lilikuwa gumu kupita kiasi na inabidi lipunguzwe. Makosa nayo hupita kutoka kwa jirani hadi kwa jirani. Kwa hiyo mwalimu azunguke, asikilize bila kumkatiza mtu, ayaandike matatu au manne yanayojirudia, na ayasahihishe ubaoni mwishoni bila kumtaja aliyeyasema.

Kuna kosa moja ambalo mazoezi ya wawili wawili hayawezi kulifuta, nalo ni kicheko. Mwalimu akikiacha kipite, hofu itarudi, hata jozi zijiandae vipi.

Mazoezi yote haya huchukua kama dakika sita katika kipindi cha dakika 40. Mwalimu atakayejaribu kesho achague swali moja tu, na anapozunguka amnong'oneze yule msichana wa dawati la tatu kwamba zamu yake inakuja, ili asimame akijua la kusema.