MASUALI NA MAJIBU: WAJIBU WA MFASIRI AONAPO DALILI ZA UDANGANYIFU KATIKA WARAKA

Hati zilizoandikwa kwa Kiarabu, kama vile hati za hiba, wakala, ndoa na talaka, bado hufika Visiwani kutoka Omani na nchi nyengine za Ghuba, na hupita mikononi mwa wafasiri kabla ya kufikishwa mahakamani au katika afisi za ardhi. Yafuatayo ni masuali juu ya jambo linalowatatiza wafasiri wengi, pamoja na majibu yake.

SUALI: Mfasiri anapotia saini na muhuri wake chini ya tafsiri, anathibitisha nini?

JIBU: Anathibitisha jambo moja tu, kwamba maneno ya tafsiri ni sawa na maneno ya waraka aliopewa. Hathibitishi kuwa waraka wenyewe ni wa kweli. Hata hivyo, msomaji wa tafsiri mara nyingi hajui Kiarabu, na huenda asiuone kabisa waraka wa asili. Kwa hivyo kasoro ambayo mfasiri ameiona na kuinyamazia hupotea. Waraka uliofutwafutwa hugeuka kuwa karatasi safi iliyopigwa chapa, na udanganyifu ukapata nguo mpya.

SUALI: Ni dalili zipi ambazo mfasiri anaweza kuziona kuliko mtu mwengine?

JIBU: Iliyo wazi zaidi ni tarehe. Hati nyingi za Kiarabu huandikwa siku ya wiki, tarehe ya Hijria na tarehe ya Miladia kwa pamoja. Mambo haya matatu hushuhudiana. Mwenye kutaka kuirudisha nyuma hati hubadilisha ile anayoijua kuwa itasomwa, yaani Miladia, akasahau mbili nyengine.

Dalili ya pili ni tarakimu. Mbili ya Kiarabu hugeuka kuwa tatu kwa kuongezwa jino moja juu. Sifuri ya Kiarabu ni nukta, kwa hivyo nukta moja iliyoongezwa mwishoni mwa kiasi cha fedha hukizidisha mara kumi. Ndiyo sababu kiasi huandikwa pia kwa maneno, na mfasiri hana budi kulinganisha maneno hayo na tarakimu. Aangalie pia asijidanganye mwenyewe, kwani tano ya Kiarabu ni duara, inafanana na sifuri yetu.

SUALI: Uchunguzi wa tarehe hufanyika vipi?

JIBU: Tuchukue mfano. Mtu analeta hati ya hiba ambayo ndani yake bibi mmoja aliyekuwa akiishi Maskati amempa mpwa wake nyumba iliyopo Mji Mkongwe. Hati imeandikwa kuwa ilifanyika siku ya Jumatatu, tarehe 7 Ramadhani 1445, sawa na 18 Machi 2022. Tarakimu ya mwisho ya mwaka wa Miladia ina wino mzito kuliko jirani zake. Mleta hati anaeleza kuwa bibi huyo alifariki Julai 2023.

Mfasiri anafungua kalenda. Anaona kuwa tarehe 18 Machi 2022 ilikuwa Ijumaa, na mwezi ulikuwa Shaabani 1443. Anaona pia kuwa mwaka 2024 Ramadhani ya 1445 ilianza Omani tarehe 12 Machi, na kwa hivyo mwezi 7 ulikuwa tarehe 18 Machi 2024, nayo ilikuwa Jumatatu. Mashahidi wawili, siku ya wiki na Hijria, wanautaja mwaka 2024. Shahidi mmoja, aliye na wino mzito, anautaja 2022.

Uzito wa jambo hili ni mkubwa. Hiba hutolewa na mtu aliye hai. Ikiwa hati ilifanyika 2024, mtoaji alikwishafariki, na nyumba hiyo ni mirathi ya warithi wake wote.

SUALI: Je, kila tofauti ya tarehe ni udanganyifu?

JIBU: Hapana. Tofauti ya siku moja au mbili ni jambo la kawaida, kwani nchi hazianzi mwezi pamoja. Mwaka huo huo wa 2024 Saudia ilianza kufunga tarehe 11 Machi, siku moja kabla ya Omani. Hata tofauti ya mwaka mzima huweza kuwa kosa la karani lililosahihishwa vibaya. Mfasiri ameona dalili, hakuona ushahidi wa nani amefanya nini. Kwa sababu hiyo haimpasi kuandika wala kutamka kuwa hati ni ya kughushi.

SUALI: Basi afanye nini na hati hiyo?

JIBU: Kwanza, aifasiri kama ilivyo. Asiusahihishe mwaka uwe 2024, wala asiiache Hijria ili tarehe zisigongane. Pili, pale penye kasoro aweke maelezo ndani ya mabano ya mraba, yakieleza linaloonekana tu. Kwa mfano: [Maelezo ya mfasiri: katika waraka wa asili tarakimu ya mwisho ya mwaka imeandikwa kwa wino mzito zaidi, siku na tarehe ya Hijria zilizotajwa haziwafikiani na tarehe hii ya Miladia.] Tatu, ambatanishe nakala ya waraka wa asili na tafsiri, na kila ukurasa utiwe muhuri, ili msomaji aone kwa macho yake.

Waraka wa asili arudishiwe mwenyewe bila ya kuandikwa chochote juu yake. Mfasiri hana haki ya kuuzuia.

SUALI: Azungumze vipi na mleta hati?

JIBU: Amueleze kwa upole kuwa tarehe haziwafikiani, na kuwa afisi iliyotoa hati ndiyo inayoweza kutoa nakala iliyothibitishwa kutoka katika daftari lake. Mtu mkweli huufurahia ushauri huo, kwani humwepusha na usumbufu mahakamani. Mwengine huomba maelezo yale yaondolewe, au huongeza malipo. Hapo mfasiri akatae kazi, arudishe karatasi na fedha aliyokwishapokea, na aweke kumbukumbu ya tarehe na sababu.

Ikumbukwe kuwa kughushi waraka, na pia kuuwasilisha waraka wa uongo hali ya kuwa unajua, ni makosa ya jinai chini ya Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, Namba 6 ya 2018. Mfasiri anayeficha kasoro kwa makusudi hujiweka katika hatari ya kuhesabiwa kuwa mshiriki.

SUALI: Je, ni wajibu wake kupeleka habari Polisi?

JIBU: Hutegemea aliyemkabidhi kazi. Akiwa ametumwa na mahakama, humueleza hakimu au kadhi, na huko ndiko mwisho wa jukumu lake. Akiwa ameajiriwa na afisi, humueleza mkuu wake kwa maandishi. Akiwa amepewa kazi na mtu binafsi, siri za hati ni amana, na haifai kuzitangaza mitaani au kuwapelekea warithi kwa dhana tu. Kabla ya kuchukua hatua nyengine, atake ushauri wa mwanasheria. Lakini akiitwa mbele ya mahakama na kuulizwa alichokiona, hana budi kusema kweli, na yale maelezo ya mabano na kumbukumbu alizoziweka ndizo zitakazokuwa tegemeo lake.