Siti Tano za Nyuma

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Basi la Mbeya limeshawasha injini, na kondakta anapita katikati ya viti akihesabu vichwa kwa ncha ya kalamu. Anafika nyuma, anasimama, anarudia kuhesabu. Siti tano ziko wazi. Anashuka kumwambia karani, na huko nje sauti za wapiga debe zinapanda: "Mbeya siti tano! Mbeya inatoka!" Nauli ambayo jana jioni haikuwa na mjadala sasa inaanza kushuka.

Abiria aliyekwishakaa dirishani anaweza kushangaa. Basi la watu 50 lina watu 45, haraka ya nini? Aliyekosekana ni mmoja tu katika kila kumi. Lakini kwa mwenye basi, siti hizo tano hazikubeba sehemu moja ya kumi ya faida. Zilibeba theluthi nzima.

Tupige hesabu, kwa namba za mfano nilizozikadiria mwenyewe. Nauli ni shilingi 45,000. Kwa kila abiria anayepanda, basi linatoa shilingi 3,000 za kamisheni ya wakala aliyekata tiketi, na shilingi 2,000 za maji, soda na biskuti za njiani. Zinabaki 40,000. Hizo ndizo abiria anazoleta mezani kulipia kila kitu kingine.

Na kila kitu kingine ndicho kizito. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Tuseme dizeli lita 300 kwa shilingi 2,800, yaani 840,000. Madereva wawili na kondakta, 160,000. Matairi, oili na gereji, ukigawa kwa safari, 110,000. Bima, leseni, ofisi na ushuru wa stendi, 50,000. Kisha kuna uchakavu wa basi lenyewe: kama limenunuliwa kwa shilingi milioni 300 na litapiga safari 1,250 kabla ya kuchoka, kila safari inalila kwa 240,000. Jumla ni shilingi 1,400,000, na jumla hiyo haiulizi abiria wako wangapi. Injini haijui kama siti ya nyuma ina mtu au ina begi.

Basi likijaa watu 50, wanaleta milioni mbili. Toa 1,400,000, mwenye basi anabaki na 600,000. Wakiwa 45, wanaleta 1,800,000, naye anabaki na 400,000. Abiria wamepungua kwa asilimia 10, faida imepungua kwa asilimia 33. Wakifika 35, mapato na gharama vinalingana na safari nzima imekuwa mazoezi ya dereva. Chini ya hapo ni hasara.

Wahasibu wana jina la jambo hili, na jina hilo limetoka kwenye mtaimbo wa kung'olea mawe: unasukuma kidogo upande mmoja, upande wa pili unanyanyuka sana. Kwa Kiswahili tunaweza kuuita wenzo wa uendeshaji. Gharama za kudumu ndizo urefu wa mtaimbo wenyewe. Zikiwa kubwa, badiliko dogo la mauzo linainua au kuangusha faida kwa nguvu.

Nguvu hiyo inapimika. Chukua pesa iliyobaki baada ya kutoa gharama zinazofuata idadi ya wateja, uigawe kwa faida. Basi lenye watu 50: milioni mbili gawanya kwa 600,000, unapata 3.3. Maana yake ni kwamba kila asilimia moja ya abiria inayopungua inakwenda na asilimia 3.3 ya faida. Na kipimo hiki hakikai mahali pamoja, jambo ambalo hata watu wa biashara hulisahau. Basi hilohilo likiwa na watu 40, faida ni 200,000 na kipimo ni 8. Likiwa na watu 36, faida ni 40,000 na kipimo kimeruka hadi 36. Hakuna kilichobadilika kwenye basi wala kwenye gharama. Limesogea tu karibu na mstari wa kutopata wala kukosa, na karibu na mstari huo abiria mmoja akighairi, faida yote ya safari hiyo imekwisha. Kwa hiyo anayesema "biashara ya mabasi ina hatari kiasi fulani" hajasema kitu mpaka ataje basi linajaa kiasi gani.

Sasa mtazame dada anayeuza mananasi nje ya stendi hiyohiyo. Nanasi analinunua 1,400, analiuza 2,000. Ushuru, nauli yake na mifuko vinamla 6,000 kwa siku. Akiuza 50 anaondoka na 24,000. Akiuza 45 anaondoka na 21,000. Wateja wamepungua kwa asilimia 10, faida yake kwa asilimia 12 na nusu tu. Gharama yake kubwa ni nanasi lenyewe, na nanasi asilotegemea kuliuza kesho halinunui. Bahati yake mbaya ni upande wa pili wa hesabu hiyo: siku wateja wanapofurika, faida yake nayo inapanda taratibu, wakati mwenye basi lililokuwa na watu 40 akipata watu 50 tu, faida yake inakuwa mara tatu. Sioni sababu ya kusema mmoja ana akili kuliko mwenzake. Wamechagua mitaimbo ya urefu tofauti, ingawa kwa kweli dada huyu hakuchagua. Milioni 300 hana.

Turudi kwa karani. Mtu anakuja mbio na begi, anasema ana 25,000 tu. Ukigawa gharama zote za safari kwa siti 50, kila siti imegharimu 28,000 hata kabla ya maji na soda, kwa hiyo anayetazama hivyo atamfukuza. Karani hamfukuzi. Basi linaondoka vyovyote iwavyo, siti iko wazi, na mtu huyo hata akipewa soda na wakala akilipwa anaacha 20,000 ambazo zisingekuwepo. Hii ndiyo sababu ushindani wa bei unakuwa mkali sana kwenye mabasi, ndege na hoteli: wakati wa shida, bei inaweza kushuka karibu na gharama ndogo ya mteja mmoja, na bado kumpokea kuwe na maana. Balaa linaanza bei hiyo ikienea kwa wote. Nauli ikiwa 40,000 kwa basi zima, hata likijaa faida inatoka 600,000 hadi 350,000. Nauli imepungua kwa asilimia 11, faida kwa asilimia 42. Punguzo la bei linauma kuliko upungufu wa abiria, maana abiria asiyepanda hanywi soda wala halipiwi kamisheni, ila shilingi iliyopunguzwa kwenye nauli inakatwa yote kwenye faida.

Je, asubuhi hiyo wangekuwa watu 30 tu, basi liondoke? Kwa hesabu ya juu safari hiyo ni hasara ya 200,000. Lakini neno "kudumu" lina mipaka yake. Dizeli, posho na matairi ni vya kudumu dereva akishaondoka. Kabla hajaondoka vinaweza kuokolewa, jumla 1,110,000. Bima, ofisi na uchakavu, 290,000, vinakusubiri hata basi likilala (uchakavu nao hupungua kidogo likipumzika, ila umri na mkopo havipumziki). Ukiwabeba hao 30 unakusanya 1,200,000, unapoteza 200,000. Ukilaza basi unapoteza 290,000. Basi linaondoka na hasara yake, na lina sababu.

Na kama lilinunuliwa kwa mkopo, juu ya mtaimbo wa kwanza umefungwa wa pili. Weka riba ya 100,000 kwa kila safari: siti 50 zinaacha 500,000, siti 45 zinaacha 300,000. Upungufu wa theluthi umekuwa wa asilimia 40. Riba haitokani na uendeshaji, inatokana na jinsi ulivyopata mtaji, lakini mwenye basi ataisikia ikiuma palepale.

Ukitaka kuona jambo hili kwa ukubwa wake, tazama Kenya Airways. Ndege hukodishwa au hulipiwa mkopo kwa miaka mingi, na rubani, fundi na karakana hulipwa ziruke au zisiruke. Mwaka 2020, korona ilipofunga anga, mapato ya shirika hilo yalianguka kutoka shilingi za Kenya bilioni 128 hivi hadi takriban bilioni 53, na hasara ikafika bilioni 36. Kisha wenzo ukageuka. Mwaka 2024 mapato yalipanda kwa asilimia 6 hivi tu, lakini faida ya uendeshaji ikapanda kwa asilimia 58, na shirika likatangaza faida halisi ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Si wenzo peke yake uliofanya kazi hiyo; bei ya mafuta na thamani ya shilingi navyo vilikuwemo. Nusu ya kwanza ya 2025, ndege tatu aina ya Boeing 787 zikiwa zimeegeshwa, mapato yakashuka na hasara ya takriban bilioni 12 ikarudi. Ndege iliyoegeshwa ni basi lisilo na abiria hata mmoja, ila gharama zake za kukaa tu ni kubwa kuliko za basi linalotembea.

Mtu akiulogopa mtaimbo huu, anaweza kumpa mwingine aushike. Wenye daladala walilijua hilo zamani, nao hawakufundishwa na mhasibu yeyote. Tajiri anampa dereva gari na kusema: niletee laki moja kila jioni. Hiyo ndiyo hesabu. Kwa tajiri, mapato yanayoyumba yamekuwa kama kodi ya nyumba. Kwa dereva, ile laki imekuwa gharama ya kudumu. Tuseme gari limekusanya 250,000, mafuta 110,000, hesabu 100,000: dereva na konda wanagawana 40,000. Siku makusanyo yakipungua kwa asilimia 10 tu, yakawa 225,000, wanagawana 15,000.

Ndiyo maana daladala linakimbizana na lenzake kituoni, konda anabana watu "sogea nyuma kidogo", na ikifika jioni, hesabu ya tajiri ikishatimia, dereva anawasha taa na kutafuta tripu moja zaidi. Ile ni yake yote, ukitoa mafuta.