Mbuni wa Geisha, kutoka Lyamungu hadi Panama

Mwaka 2004 familia ya Peterson, wenye shamba la Hacienda La Esmeralda huko Boquete, Panama, waliamua kuonja kahawa yao kitalu kwa kitalu badala ya kuichanganya. Vikombe vingi vilikuwa vizuri kwa kiasi chake. Kimoja kilinukia asumini, na uchachu wake ulikuwa laini kama wa chungwa lililoiva. Kufuatilia kulikowapeleka ni kwenye mibuni mirefu, matawi yameachana, punje ndefu nyembamba. Ilikuwa Geisha. Mwaka huo huo kahawa hiyo ilishinda mashindano ya taifa na kuvunja rekodi ya bei mnadani.

Mbegu zake zilikusanywa kusini-magharibi mwa Ethiopia miaka ya 1930, zikapitia Kenya, kisha kituo cha utafiti cha Lyamungu, Kilimanjaro. Mwaka 1953 zilifika kituo cha Turrialba, Kosta Rika, na miaka ya 1960 zikaingia Panama.

Kwa nini ladha hiyo iliwashtua waonjaji? Kwa sababu arabika nyingi waliyoizoea ni ya koo mbili tu, Typica na Bourbon, zilizotokana na mbegu chache zilizotoka Yemeni. Typica ilipitia India na Java, kisha Amsterdam, hadi Amerika. Bourbon ilipandwa na Wafaransa kisiwani Réunion, na baadaye wamisionari wakaileta kwetu kupitia Bagamoyo. Arabika hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, hivyo mtoto hufanana na mama, na uchache ule wa mwanzo ukabaki uchache. Mkulima huzitambua koo hizo kwenye ncha za matawi: majani machanga ya Typica kwa kawaida huwa ya rangi ya shaba, ya Bourbon mara nyingi kijani. Misitu ya Ethiopia ndiyo iliyobaki na aina za asili ambazo hazikupita katika chujio la Yemeni, na Geisha ni mojawapo.

Hakuna jeni moja ya harufu ya asumini. Nasaba ya mbuni huamua punje iweke akiba gani ya sukari, asidi na viini vingine, nao moto wa kukaanga huvigeuza kuwa harufu. Ndiyo maana Geisha iliyopandwa bondeni kwenye joto, ambako tunda huiva haraka, hutoa kikombe cha kawaida, na iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi hubaki na uchungu tu.

Anayenunua miche awe mwangalifu zaidi kuliko mnywaji. Jina Geisha hubandikwa hata kwenye mibuni ya nasaba nyingine, na umbo la mti peke yake halitoshi kuwa ushahidi. Jani likipimwa vinasaba maabara, jibu hupatikana kabla ya kungoja miaka mitatu au minne hadi mavuno ya kwanza.