Mfanyakazi Asiyeumwa Wala Kuomba Likizo

Machi 2016 Rais John Magufuli aliwaagiza wakuu wa mikoa nchini Tanzania wawasake watumishi hewa katika maeneo yao. Taarifa iliyotoka Shinyanga ilisema hakuna hata mmoja. Uhakiki uliporudiwa, wakakutwa 45, na Aprili mkuu wa mkoa huo akaondolewa. Kufikia Mei, hesabu ya nchi nzima ilikuwa imepita 10,000.

Kwangu mimi, jambo la kujifunza hapo ni ile sifuri ya kwanza. Si lazima aliyeipeleka awe alidanganya. Taarifa za namna hiyo huanzia chini, kwenye meza ya yule anayetunza orodha ya mishahara, na jina hewa likiwa limepita kwenye meza hiyohiyo, kuiuliza kuhusu hewa ni kumwomba mtu ajikague mwenyewe. Ndiyo maana mkaguzi anayejua kazi yake haanzi kwa kuuliza ni nani hewa. Huanza kwa kuuliza ni nani anayeweza kumtengeneza.

Ili jina lisilo na mtu lilipwe mshahara, mambo manne yanahitajika. Jina liingizwe kwenye mfumo, mtu mwingine alikubali, fedha zitumwe, na mwisho wa mwezi asitokee wa kulinganisha kilicholipwa na watu waliopo kazini. Katika ofisi iliyojipanga, ofisa utumishi huleta jina pamoja na barua ya ajira, karani wa mishahara hukokotoa, mkuu wa fedha huidhinisha, watia saini wa benki hutoa fedha, na mtu wa tano asiyehusika na hayo yote hulinganisha. Huo ndio mgawanyo wa majukumu. Kila kampuni unayoingia itakuonyesha mchoro wake, mzuri, umepigwa mhuri. Mchoro husema jinsi kazi inavyotakiwa kwenda, na mkaguzi anatafuta jinsi inavyokwenda kweli.

Tuchukue mfano niliouunda ili namba zake zifuatike kwa urahisi. Kiwanda cha kubangua korosho kina majina 340 kwenye orodha ya mishahara ya mwezi. Wengi wako kwenye mabenchi ya kubangua na kuchambua, kwa zamu, na vibarua huongezeka msimu ukipamba moto. Mazingira ya namna hii humfaa mwizi wa majina, maana hakuna mtu anayewajua wote kwa sura.

Mkaguzi anaanza kwa kuchagua mfanyakazi mmoja aliyeajiriwa karibuni na kuifuata safari ya jina lake: nani aliomba aajiriwe, nani aliandika barua, nani aliliingiza jina, nani alilithibitisha, hadi siku fedha zilipoingia benki. Katika kila kituo anaomba aone kwa macho yake. Baada ya hapo anataka orodha ya watumiaji wote wa mfumo na ruhusa walizopewa, na anaichukua kwa fundi wa kompyuta, si kwa karani wa mishahara. Akiipitia, anatafuta jina moja lenye ruhusa mbili zisizopaswa kukaa pamoja, kama kuingiza mfanyakazi na kumwidhinisha, au kubadili namba ya akaunti na kuandaa faili la benki.

Kwenye kiwanda chetu ruhusa zimekaa sawasawa. Karani anaingiza, ofisa utumishi anathibitisha, na hakuna aliye na zote mbili. Wakaguzi wengi huishia hapo, wakaandika kwamba mgawanyo upo. Mimi naona hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu mfumo hautambui watu. Unatambua majina ya watumiaji na maneno ya siri. Kwa hiyo mkaguzi wetu anaomba kumbukumbu za mfumo, yaani orodha ya kila badiliko lililofanywa, na jina, siku na saa yake, kisha anaiweka kando ya daftari la likizo.

Anakuta majina matatu yaliyoingizwa kwa nyakati tofauti, yote tarehe 23, siku moja kabla orodha haijafungwa. Kila moja lilithibitishwa kwa jina la ofisa utumishi, dakika chache tu baada ya kuingizwa. Moja lilithibitishwa saa 2:47 usiku, wakati ofisa huyo alikuwa kwenye likizo ya uzazi. Anapoulizwa kwa upole, mama huyo anaeleza bila kuficha: kabla ya kwenda likizo alimwachia karani neno lake la siri ili mishahara isichelewe, na aliporudi hakulibadilisha. Kwenye karatasi kazi ilipita mikono miwili. Kwa kweli mkono ulikuwa mmoja.

Bado hilo halijathibitisha kwamba majina hayo ni hewa. Huenda karani aliharakisha tu kazi halali. Sasa mkaguzi anageukia majina yenyewe, na dalili anazozitafuta zinatokana na jambo moja: mtu wa kweli huacha alama kila anapopita. Huumwa, huomba likizo, hukopa SACCOS, huchelewa, hukatwa, hulalamika mshahara ukipungua. Jina hewa hulipwa kiasi kilekile mwezi hadi mwezi, bila saa za ziada wala siku ya kukosa kazi. Halina mchango wa msiba wala mkopo wa bati. Mtu wa kweli halingani na nafsi yake mwezi baada ya mwezi kwa usafi huo.

Kipimo chenye nguvu zaidi ni kulinganisha orodha ya mishahara na orodha iliyotengenezwa kwa sababu nyingine, na ambayo karani hawezi kuichezea peke yake. Kiwanda hupeleka NSSF orodha ya wanachama wanaochangiwa. Mwezi huo ina majina 333, na mishahara imelipwa kwa 340. Kati ya saba waliozidi, wanne ni waajiriwa wapya wanaosubiri namba za uanachama, na mikataba yao ipo, na wasimamizi wao wanawajua. Waliobaki ni watatu walewale wa tarehe 23. Waliwekwa kwenye kundi la vibarua wa muda ambalo mfumo hauwakati michango, ingawa wamelipwa miezi 14 mfululizo.

Hatua inayofuata ni namba za akaunti na vitambulisho, na hapa kuna mtego ambao umewaaibisha wengi. Watu hutumia COUNTIF ya Excel kutafuta namba zinazojirudia. Kanuni hiyo huzigeuza tarakimu kuwa namba, na Excel hushika tarakimu 15 tu za mwanzo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Watu wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa eneo moja wanaweza kuonekana kama mtu mmoja, ukamtuhumu mtu asiye na kosa. Hifadhi safu hiyo kama maandishi, kisha tumia kanuni inayolinganisha herufi kwa herufi:

```
=SUMPRODUCT(--($G$2:$G$341=G2))
```

Jibu likizidi 1, namba hiyo imeonekana zaidi ya mara moja. Na kwa kuwa NIDA imebeba tarehe ya kuzaliwa, ilinganishe pia na tarehe iliyoandikwa kwenye orodha ya mishahara. Anayebuni namba mara nyingi husahau kuzipatanisha.

Wawili kati ya watatu wetu wanatumia akaunti moja, na mafaili yao ya ajira hayapo. Peke yake, akaunti ya pamoja si hatia. Mume na mke wanaofanya kazi kiwanda kimoja wanaweza kuchagua kulipwa pamoja, na ni haki yao kuulizwa kabla hawajanyooshewa kidole.

Wa tatu ndiye mgumu. Ana mkataba, ana picha, ana NIDA sahihi, na wenzake wa benchi wanamkumbuka vizuri. Ni mtu wa kweli aliyeacha kazi na kurudi kwao. Alipoondoka jina lake lilifutwa, mwezi uliofuata likafufuliwa kwenye kundi la vibarua, na namba ya akaunti ikabadilishwa. Ukaguzi wa mafaili usingemgundua kamwe. Kinachomfichua ni tarehe tu: akaunti imebadilishwa baada ya siku yake ya mwisho kazini. Ukiwa na muda wa kufanya kipimo kimoja tu, ningekushauri kipimo hiki: chukua kila aliyeacha kazi katika mwaka, uangalie kama yupo kwenye malipo ya mwezi uliofuata.

Kila jina limekuwa likipokea shilingi 350,000. Kwa majina matatu na miezi 14, hizo ni 14,700,000.

Mkaguzi anahitaji pia kufunga tundu lililo kati ya idhini na benki. Mkuu wa fedha hutia saini karatasi ya muhtasari, yenye jumla tu. Kisha faili la malipo hutolewa kwenye mfumo, hukaa kwenye kompyuta ya karani, halafu hupandishwa benki. Katika nafasi hiyo fupi faili linaweza kufunguliwa na akaunti zikabadilishwa bila jumla kusogea hata shilingi. Kwa hiyo orodha ya waliolipwa inaombwa benki moja kwa moja, na inalinganishwa na orodha iliyoidhinishwa, jina kwa jina na akaunti kwa akaunti.

Kuhesabu watu kwa macho huja mwisho, na hakutangazwi. Mkaguzi anaingia kiwandani zamu ya usiku akiwa na orodha yake mwenyewe, milango ya kutokea ikisimamiwa ili mtu asihesabiwe mara mbili. Kila mmoja anaonyesha kitambulisho. Asiyekuwepo haandikwi kuwa hewa usiku huo. Huenda yuko hospitali, likizo, au zamu nyingine, naye hupewa siku za kujitokeza mwenyewe, si kwa barua ya msimamizi wake. Katika saa hizo hizo, neno la siri la karani linasitishwa na nakala za kumbukumbu za mfumo zinahifadhiwa nje ya ofisi, kabla habari haijasambaa.

Yapo mambo ambayo mgawanyo wa majukumu hauwezi kuyazuia. Karani na ofisa utumishi wakikubaliana kugawana, vizuizi vyote vinapitika, na kinachobaki ni mtu wa tatu. Msimamizi wa kila benchi apewe orodha ya wanaolipwa chini yake, aitie saini mwezi kwa mwezi, na gharama ya mishahara ya benchi hilo itoke kwenye bajeti yake, ili awe na sababu ya kulisoma kila jina. Na katika duka au shule yenye wahudumu wa ofisi watatu, hakuna watu wa kugawana kazi hizo. Hapo mwenye mali mwenyewe apokee orodha ya benki ikiwa haijapita kwa mhasibu, agawe karatasi za mishahara kwa mkono wake na kuona zinazobaki mezani bila mwenyewe, na amlazimishe mhasibu kwenda likizo kila mwaka, mishahara ya mwezi huo ikiandaliwa na mtu mwingine.